Jinsi ya kupanga zamu za usaili wa watu wengi kwa siku moja

Kosa linalojirudia ni moja. Watu ishirini na kitu wanaitwa kwenye usaili, barua zote zinasema "fika saa 2:00 asubuhi", na jopo lina siku hiyo moja tu. Ikifika saa nane mchana nusu ya watu hawajaonwa, wajumbe wamechoka, na aliyefika wa kwanza bado yuko kwenye benchi kwa sababu orodha ilipangwa kwa alfabeti. Halafu anatokea mtu kachelewa, anapenyezwa, na zogo linaanza.

Nimeshika mlango wa chumba cha usaili hapa Tanga mara nyingi, na lawama zote hizo nimezipokea mimi. Mfano nitakaoutumia ni wa chama kimoja cha akiba na mikopo kilichotafuta maofisa mikopo watatu. Waombaji waliofaa kwa vyeti walikuwa 24, wajumbe wa jopo wanne, na mmoja wao alitoka Dar es Salaam na alilazimika kuwahi basi la kurudi. Saa 9:30 alasiri ilikuwa mwisho, hakuna cha kuongeza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la mlangoni lenye safu tano: jina, fungu, saa aliyofika, saa aliyoingia, saa aliyotoka.
- Saa moja ya ukutani ambayo wote mnaikubali. Simu za watu hupishana, na ubishi wa dakika tatu mlangoni hauna mwisho.
- Simu yenye salio, na orodha ya namba za wasailiwa wote.
- Viti viwili nje ya mlango wa jopo, na benchi mbali kidogo, kivulini.
- Bahasha tatu za maswali. Kazi yake nitaieleza kwenye hatua ya sita.
- Watu wawili wasio wajumbe wa jopo: mmoja wa daftari, mmoja wa kukagua vyeti.

Kompyuta si lazima. Karatasi na kalamu vinatosha kwa watu 20.

## Hatua ya 1: Pima dakika za mtu mmoja

Usimuulize mwenyekiti kila mtu atachukua muda gani. Atasema dakika kumi, naye anafikiria maswali tu. Mkalishe mfanyakazi mwenzenu kwenye kiti cha msailiwa, mwulizeni maswali yote kama siku yenyewe, na mtu mwingine ashike saa.

Sisi tulipofanya hivyo tulipata hesabu hii: kuingia, kusalimiana na kukaa, dakika 1. Maswali matano, kila moja dakika 2, jumla 10. Msailiwa kuuliza lake, dakika 1. Wajumbe kujaza alama wakati huyu anatoka na mwingine anaitwa, dakika 2. Jumla ni dakika 14.

Tofauti ya 10 na 14 inaonekana ndogo, lakini kwa watu 24 ni dakika 96, yaani zaidi ya saa moja na nusu ambayo hamkuipanga popote.

Angalia kwamba ukaguzi wa vyeti haumo kwenye zile 14. Vyeti vikikaguliwa mbele ya jopo, mtu anafungua begi, anatafuta cheti cha kuzaliwa, anakuta kakisahau kwenye bahasha nyingine, na wajumbe wanne wamekaa wanamtazama. Kazi hiyo ifanyike nje.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na namba moja ya dakika uliyoipima kwa saa, na mwenyekiti ameikubali.

## Hatua ya 2: Hesabu viti vya siku, kisha ndipo uite watu

Wengi huanza na idadi ya watu, wakaulazimisha muda uwatoshe. Anza na muda.

Jopo letu lilikuwepo kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Hizo ni dakika 420. Toa 20 za kufungua kikao na kugawana maswali, 20 za chai, 60 za chakula na swala, na 40 za kujumlisha alama na kujadiliana. Zinabaki 280. Gawa kwa 14, unapata viti 20, yaani nafasi za kuona watu 20.

Sasa usijaze vyote 20. Acha vitatu wazi, na kila kimoja kiwe na mahali pake kwenye ratiba. Mimi naviita mianya. Viti vilivyobaki vya kuitia watu ni 17.

Sababu ya mianya ni kwamba ucheleweshaji hujumlishana. Msailiwa wa pili akizidisha dakika nne na wa tano akazidisha tatu, wa sita anaingia akiwa nyuma kwa dakika saba, na hakuna kitu kwenye ratiba kitakachozirudisha. Mwanya ukiwepo kila baada ya watu watano au sita, deni hilo hulipwa kabla halijakua. Mianya yote ukiiweka mwisho wa siku, watu wa mchana watasubiri kwa makosa ya asubuhi.

Je, wale 24? Saba hawakutosha, na ni afadhali kulijua hilo wiki moja kabla kuliko saa tisa alasiri. Tuliwaita wote 24 kwenye mtihani mfupi wa kuandika, dakika 40, wote chumba kimoja kwa wakati mmoja, siku nne kabla ya usaili wa ana kwa ana. Mtihani wa kuandika hauli muda wa jopo kwa kila kichwa, ndiyo maana unafaa kuchuja. Waliopata alama za juu, 17, ndio walioitwa.

Tahadhari: usiite 20 ukitegemea kwamba watatu hawatakuja. Siku watakayokuja wote, mianya imekwisha.

## Hatua ya 3: Gawa watu kwa mafungu, kwa kuuliza wataamkia wapi

Kumpa kila mtu dakika yake, kwamba fulani saa 4:34 na fulani saa 4:48, kunapendeza kwenye karatasi. Lakini mtu mmoja akikosa, jopo linakaa bure kwa sababu anayefuata bado yuko kwenye daladala. Kuwaita wote saa mbili nako kunawakalisha wengine nusu siku nzima. Fungu la watu watano au sita linatatua yote mawili.

Ratiba yetu ilikaa hivi:

- Saa 2:30 hadi 2:50: jopo linafungua kikao.
- Fungu A, saa 2:50 hadi 4:14: watu 5 na mwanya 1.
- Chai, saa 4:14 hadi 4:34.
- Fungu B, saa 4:34 hadi 6:12: watu 6 na mwanya 1.
- Chakula na swala ya adhuhuri, saa 6:12 hadi 7:12.
- Fungu C, saa 7:12 hadi 8:50: watu 6 na mwanya 1.
- Majadiliano, saa 8:50 hadi 9:30.

Kama siku yenu ni Ijumaa, saa moja ya mapumziko haitoshi. Ongeza karibu nusu saa na upunguze viti viwili, au hamisha siku. Hapa Tanga mjumbe atakwenda msikitini uwe umepanga au hujapanga.

Nani akae fungu gani? Hapa ndipo wachelewaji wengi hutengenezwa na mpangaji mwenyewe. Anayetoka Lushoto anashuka milima hadi Mombo, anapita Korogwe, Segera na Muheza, anafika stendi ya Kange, halafu anatafuta bajaji ya kumleta mjini. Ukimwita saa mbili asubuhi umeshamchelewesha wewe. Anayetoka Kilindi ni hivyo hivyo. Hawa waweke fungu C. Wa Korogwe, Handeni na Pangani wakae B. Wa Tanga mjini wafungue siku.

Lakini usitegemee anuani iliyo kwenye barua ya maombi. Piga simu uulize swali moja: "Siku ya usaili utaamkia wapi?" Kati ya wale wetu, mmoja aliyeandika Lushoto alisema atalala kwa mjomba wake Ngamiani, kwa hiyo alifaa kabisa fungu A. Mwingine aliyeandika Tanga mjini alikuwa shambani Mkinga kwa msimu ule. Simu 17 zilichukua asubuhi moja.

Ukitumia ekseli, andika saa ya mtu wa kwanza kwenye `B2` kwa saa ya kompyuta, yaani `08:50`, na kwenye `B3` weka:

```
=B2+TIME(0,14,0)
```

Kuipata kwa saa ya Kiswahili kwenye safu ya pembeni:

```
=MOD(B2-TIME(6,0,0),1)
```

Hiyo itakupa `2:50`, ukishachagua muundo wa `h:mm`. Baada ya chai na baada ya chakula, andika upya saa ya kuanzia kwa mkono.

## Hatua ya 4: Andika ujumbe wa mwito usioleta tafsiri mbili

Nimewahi kuona barua ya mwito iliyoandikwa "saa 8:00" na mtu aliyekuwa anasoma saa ya kompyuta. Alikusudia asubuhi. Wasailiwa wanne walifika saa nane mchana, wamevaa vizuri, wana vyeti vyao, na jopo limeshaondoka. Kosa halikuwa lao.

Kwa hiyo andika saa kwa namna zote mbili. Na saa unayompa mtu ni ya kufika. Dakika yake kamili ya kuingia kwa jopo usimpe. Fungu A tuliwaambia saa 2:15, fungu B saa 4:00, fungu C saa 6:40. Ile nusu saa ya mbele ndiyo ya kukagua vyeti. Meseji yetu ilikuwa hivi:

"Umeitwa kwenye usaili, fungu B. Fika saa 4:00 asubuhi (simu yako itaonyesha 10:00). Utaonwa kati ya saa 4:34 na saa 6:12. Njoo na vyeti halisi na kitambulisho. Ukifika baada ya fungu lako kumalizika, utaonwa mwisho wa fungu linalofuata ikiwa nafasi ipo. Daftari linafungwa saa 8:20 mchana. Jibu NDIYO ukishasoma."

Aliyekosa kujibu NDIYO hadi jioni ya siku iliyofuata alipigiwa.

Utajua hatua hii imekamilika kila jina likiwa na NDIYO au maelezo ya simu mbele yake.

## Hatua ya 5: Weka kanuni ya aliyechelewa kabla hajatokea

Kanuni yenyewe ni fupi: aliyechelewa hamsogezi aliyewahi. Utekelezaji wake una sehemu tatu.

Kwanza, zamu ikifika na mtu hayupo, anayefuata anaingia saa hiyo hiyo. Hakuna kusubiri dakika tano. Kiti cha aliyekosekana huteleza hadi mwisho wa fungu, kwa hiyo akitokea fungu likiwa linaendelea, ataonwa mwishoni mwake na hajamgharimu mtu yeyote. Mwanya unabaki kwa kazi yake ya kufidia dakika zilizozidi.

Pili, akitokea fungu lake limekwisha, anakwenda kwenye mwanya wa fungu linalofuata. Wakiwa wawili, anatangulia aliyeandikwa kwanza kwenye daftari.

Tatu, daftari linafungwa saa 8:20. Kwa nini saa hiyo? Mwanya wa mwisho unaanza saa 8:36, na dakika 16 zinatosha kukagua vyeti na kumpa mtu pumzi. Atakayefika baadaye anaandikwa saa aliyofika, anasaini, na hapati usaili.

Mshika mlango asiulize "kwa nini umechelewa?" Swali hilo linaonekana la huruma, lakini sababu hazithibitiki pale mlangoni, na mwisho wake anayesikilizwa vizuri ni mwenye kujua kueleza au mwenye ndugu ndani. Wote wapewe kanuni ile ile. Nakubali ubaguzi mmoja tu: kosa likiwa lenu, kwa mfano mlimtumia saa isiyo yake, basi anaonwa kwenye mwanya wa karibu zaidi.

Mwenyekiti asaini kanuni hii siku moja kabla. Nasisitiza saini kwa sababu nimeshuhudia mwenyekiti akitoka nje kumwingiza kijana aliyeombewa kwa simu na mkubwa fulani, mbele ya watu tisa waliokaa kwenye benchi tangu asubuhi. Hakuna kati ya wale tisa aliyeamini matokeo, na sikuwa na la kuwajibu.

## Hatua ya 6: Funga njia ya maswali kuvuja

Usaili wa maswali yale yale kwa watu wote una tundu: anayetoka anakutana na anayengoja. Aliyechelewa kwa makusudi anaweza kukaa nje ya geti, akasikia maswali kwa waliotoka, kisha akaingia mchana amejiandaa. Kanuni ya hatua ya tano peke yake ingemzawadia.

Dawa ni zile bahasha tatu. Kila fungu lina bahasha yake, na maswali yanapima mambo yale yale kwa mifano tofauti. Kwa maofisa mikopo wetu, swali la marejesho lilikuwepo katika bahasha zote. Bahasha A ilimzungumzia mama anayeuza samaki ambaye hakurejesha wiki mbili, bahasha B mkulima wa machungwa wa Muheza ambaye mavuno yalichelewa, na bahasha C fundi cherehani aliyehama mtaa. Mwenyekiti anafungua bahasha fungu linapoanza. Aliyechelewa hujibu maswali ya fungu alilopokelewa.

Anayemaliza atoke mlango mwingine. Kama chumba kina mlango mmoja, msindikizeni hadi getini.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe, watu watatu tayari wakati wote

Hapa ndipo vile viti viwili vya nje hufanya kazi. Wakati wowote kuna mmoja ndani, mmoja kwenye kiti cha mlangoni ambaye vyeti vyake vimeshakaguliwa, na mmoja kwenye kiti cha pili akikaguliwa. Wa ndani akitoka, wa mlangoni anaingia kabla mlango haujafungwa, wa pili anasogea, na mkaguzi anamwita mwingine kutoka kwenye benchi. Ukiona kiti cha mlangoni kiko tupu, hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba jopo litakaa bure baada ya dakika chache. Shughulikia hapo hapo.

Mshika saa agonge mlango mara moja dakika ya 11. Wajumbe wanajua maana yake: maliza swali hilo, mpe msailiwa nafasi ya kuuliza.

Kila baada ya watu watatu, linganisha daftari na ratiba. Mkiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 5, mpe mwenyekiti kikaratasi. Muda urudishwe kwa wajumbe kupunguza mazungumzo yao baada ya mtu kutoka. Usikubali wapunguze maswali kwa waliobaki. Mtu aliyeulizwa matatu hawezi kulinganishwa kwa alama na aliyeulizwa matano.

Siku yetu ilikwenda hivi. Fungu A, wa tatu kwenye orodha hakuwepo, wa nne akaingia. Wanne waliokuwepo walipaswa kumaliza saa 3:46, wakamaliza 3:55 kwa sababu wawili walizidisha. Wa tatu alikuwa ameshafika saa 3:30, akaonwa mpaka saa 4:09. Chai ilinywewa kwa wakati wake.

Fungu B, dada mmoja kutoka Handeni hakuonekana. Watano waliobaki wakamaliza saa 5:56. Mwenyekiti alitaka kuondoka kwenda kula. Nikamwomba wakae hadi 6:12 kama ratiba inavyosema, wakatumia muda huo kusawazisha alama za asubuhi. Yule dada alifika saa 6:25, basi lake liliharibika njiani. Nilimwandika, nikamwonyesha kanuni kwenye meseji yake, nikamwambia atakuwa wa mwisho wa fungu C. Hakubishana, kwa sababu alikuwa ameisoma kabla ya siku ile.

Fungu C, mmoja hakuja kabisa. Watano na yule dada walimalizika saa 8:44, pamoja na dakika nane zilizozidi. Majadiliano yakaanza dakika sita kabla ya muda, na mjumbe wa Dar aliondoka na basi lake.

## Hatua ya 8: Lisome daftari jioni ile ile

Toa saa ya kuingia kwenye saa ya kutoka kwa kila mtu, ongeza dakika 2 za alama, kisha tafuta wastani. Wetu ulikuja karibu dakika 16, na si 14. Mianya na wale waliokosekana ndivyo vilivyotufichia kosa hilo. Kwa usaili uliofuata tuligawa dakika 280 kwa 16, tukapata viti 17 na dakika 8 za ziada, tukaacha mianya mitatu, na tukaita watu 14.